Usiuze kwanza: hadithi ya kijana anayeandika na kufuta

Hadithi ya kijana anayemwandikia baba yake ujumbe kisha akaufuta ina taabu kabla hujaandika hata neno moja. Kwa mtu anayetazama kwa nje, hakuna kilichotokea. Kijana kakaa, simu mkononi, kidole kinakwenda na kurudi, mwisho kioo ni kitupu kama kilivyokuwa. Waandishi wengi huliziba pengo hilo kwa kumbukumbu: mstari mmoja wa ujumbe, kurasa tatu za utoto, mstari mwingine, kurasa tatu za msiba. Ukiuondoa ujumbe, kumbukumbu zinabaki vilevile na hakuna kilichopungua. Hapo ujue simu ilikuwa kisingizio tu.

Nitaifungua hadithi moja ya namna hiyo, tangu inapopangwa hadi inapokatwa. Watu wake ni wa kubuni, ila mahali ni pa kweli. Kijana ni fundi wa injini za mitumbwi Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Baba yake yuko Nansio, Ukerewe. Hawajasemezana miaka 6. Ninachokishikilia ni kwamba kila rasimu ifutwe kwa sababu yake, na sababu hiyo isiwe ile iliyofuta rasimu iliyotangulia. Ukilipata hilo, kufuta kunakuwa tukio, na hadithi inatembea.

Kitu cha kwanza kuamua ni chombo: meseji ya kawaida au WhatsApp? Huu si urembo. Kwenye WhatsApp baba akiwa amefungua mazungumzo anaona juu kwamba mwanawe anaandika, kisha anaona ameacha. Kufuta hakuwi siri tena. Baba anajua kulikuwa na neno likarudishwa tumboni, na hadithi inakuwa ya watu wawili wanaosubiriana usiku mmoja. Tena ujumbe uliokwisha kutumwa ukifutwa kwa wote, unaacha alama kwamba kulikuwa na kitu. Hiyo ni hadithi nzuri, ila ni nyingine. Kwenye meseji ya kawaida baba haoni chochote. Kijana anaweza kuandika na kufuta wiki nzima na kule Nansio simu isitikisike. Mimi hapa nachagua meseji, na sababu iko ndani ya maisha yao: mzee ana kitochi. Anachaji mara chache, na herufi anazibonyeza moja moja. Ndiyo maana akiandika, anaandika kwa kubana.

Ujumbe wa baba ndio unaobeba hadithi yote, kwa hiyo usiuharakishe. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni baba anayeandika kuomba msamaha. Baba akishaomba msamaha, kijana amebakiwa na mambo mawili tu, kukubali au kukataa, na msomaji anajua kwamba mwisho atakubali. Baba aombe au atoe kitu cha kushikika, na kitu hicho kiwe na siku yake ya mwisho. Wetu ameandika hivi, Jumatano asubuhi:

"Hujambo. Mtumbwi nauza. Mteja wa Ukara anakuja Jumamosi. Kama unautaka sema mapema. Mbao za chini bado nzima."

Ni herufi 109 ukihesabu nafasi na nukta. Meseji moja inabeba 160, kwa hiyo mzee alikuwa na nafasi ya kusema zaidi na hakusema. Jina la mwanawe hakuliandika. "Mwanangu" hakuna. Ila sentensi ya mwisho haikuwa na ulazima. Ni maneno ya muuzaji anayesifia bidhaa, au ni mzazi anayemwambia mwanawe kwamba nimeutunza. Mwandishi asichague. Akichagua tu, hata kwa kivumishi kimoja, hadithi inakufa ukurasa wa kwanza.

Angalia pia lugha. Baba na mwana wa Ukerewe wakikaa nyumbani huenda wanazungumza Kikerewe, lakini meseji imekuja kwa Kiswahili. Watu wengi huandikiana Kiswahili kwenye simu hata kama hawakiongei wakiwa pamoja, kwa hiyo usikifanye kuwa kisa. Mstari mmoja unatosha: kijana aisome kwa sauti ya baba yake na sauti isikae.

Kabla ya rasimu ya kwanza yapo mambo mawili madogo yanayofanya kazi kubwa. La kwanza ni jina ambalo kijana amelihifadhi kwenye simu. Fundi huhifadhi wateja kwa mahali na mashine: "Yamaha 40 Musoma", "Bosi Igombe", "Mama dagaa Kayenze". Namba ya baba imehifadhiwa "Mzee Nansio", katikati ya wateja. Hakuna haja ya kueleza. Msomaji anaiona orodha na anaelewa kwamba siku moja mtu alikaa akabadilisha jina hilo kwa makusudi.

La pili ni kazi. Mtu hafuti ujumbe siku nne mfululizo akiwa amekaa kitandani, na akikaa kitandani msomaji atalala kabla yake. Mpe kazi yenye hatua na yenye mtu anayeisubiri. Majira yanasaidia. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa sababu dagaa wanavutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa zinakosa nguvu. Siku hizo mitumbwi inalala, nyavu zinashonwa, na injini zinaletwa kwa fundi. Kwa hiyo hadithi iwekwe kwenye mbalamwezi. Kijana ana injini tatu chini na mteja wa Igombe anayetaka yake kabla giza halijarudi.

Injini ya mteja huyo inapata moto na kuzimika katikati ya ziwa. Fundi yeyote ataangalia kwanza kama maji yanaruka kwenye kitundu kidogo cha nyuma injini ikiwaka. Yakiruka kwa udhaifu au yasiporuka kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni impela, ile gurudumu ndogo ya mpira yenye mapanga inayovuta maji ya kupoza. Mchanga wa ufukweni huila, na kuwasha injini ikiwa nchi kavu huiharibu upesi sana kwa sababu mpira unasagika bila maji. Anafungua boliti za mguu, anaushusha, anafungua kifuniko cha pampu, na anakuta impela imepoteza mapanga mawili. Kuweka mpya ni rahisi. Kazi iko kwenye vile vipande viwili vilivyokatika. Visipopatikana vimekwenda kuziba njia ya maji juu, na injini itapata moto tena hata ikiwa na impela mpya. Amepata kimoja. Cha pili anakitafuta Jumatano hadi Ijumaa.

Nimeikalia injini kwa sababu ndiyo inayopima muda wa hadithi. Onyo moja tu: kipande cha mpira kisiwe baba. Usimwache kijana akitafakari kwamba nafsi nayo ina njia iliyoziba. Kipande kipatikane au kisipatikane, mteja wa Igombe alipe au asilipe, basi.

Sasa rasimu.

Ya kwanza anaiandika amesimama, kidole kikiwa na grisi, kioo kinakataa kusikia mguso, anafuta kidole kwenye suruali na kuandika: "Bei gani?"

Hilo ndilo swali analomuuliza kila mtu anayeuza kitu mwaloni, na limemtoka bila kufikiri. Anakaribia kutuma. Kinachomzuia si hasira. Anatambua kwamba akiuliza bei amekubali kwamba baba ana haki ya kuuza. Kwa hiyo anafuta. Msomaji bado hajaambiwa lolote kuhusu familia hii, lakini ameshajua kwamba mtumbwi una ubishi wa umiliki. Ameipata habari hiyo kutoka kwenye maneno mawili ambayo hayakutumwa. Hiyo ndiyo kazi ya rasimu iliyofutwa, kumwambia msomaji jambo ambalo kijana asingelisema kwa mdomo wake.

Rasimu ya pili ndiyo ndefu, na ndiyo inayoharibika kwa waandishi wengi. Wanaitumia kumweleza msomaji historia. Nimeandika mfano mbaya hapa ili tuutazame: "Baba, kama unavyojua mama alifariki miaka 6 iliyopita baada ya kuugua kwa muda mrefu, na wewe uliuza injini aliyoinunua kwa akiba yake ya kikoba." Nani anamwambia nani? Baba anajua mkewe alifariki lini. Anajua injini ilinunuliwa kwa hela gani. Barua hii imeelekezwa kwa msomaji, na msomaji anahisi amesimama mlangoni akipewa taarifa kwa mgongo wa mtu.

Kipimo changu ni cha kikatili kidogo: pita kwenye rasimu na ukate kila jambo ambalo mpokeaji analijua tayari. Kinachobaki ndicho kijana anachotaka kusema. Lipo jambo moja tu linaloruhusiwa kurudia yanayojulikana, nalo ni shutuma. Mtu anayeshutumu hutaja kosa analolijua mkosaji, ila hulitaja lilivyo, bila kulizungushia maelezo. Haweki tarehe. Haelezi kikoba ni nini. Baada ya kukata na kuandika upya nikabaki na hii:

"Shikamoo baba. Mtumbwi huo si wako peke yako. Injini uliiuza mama akiwa wodini, hela ya kikoba chake, na hukuniuliza. Nilifika mwaloni nikakuta ubao mtupu. Siku zote alizolala hukuja hata mara moja. Sasa unaniambia mbao za chini nzima."

Ni herufi 235, yaani imeshapita meseji moja na kuingia ya pili, na simu inamwonyesha hivyo pembeni. "Ubao" ni ule wa nyuma wa mtumbwi ambapo injini inafungwa. Sikuufafanua ndani ya ujumbe kwa sababu wote wawili wanaujua. Msomaji wa Mwanza ataujua pia, na asiyeujua ataupata sentensi chache mbele kijana anapoifunga injini ya mteja kwenye ubao wa aina hiyohiyo.

Inafutwaje? Njia rahisi ni kusema alijuta, au aliogopa, au alimheshimu baba. Hizo ni hisia, na hisia hazionekani. Nimechagua kitu kingine: rasimu ina uongo ndani yake. Kijana anaisoma tena, kimoyomoyo, na anakwama kwenye "hata mara moja". Baba alikuja mara moja. Alikuja na chupa ya uji, asubuhi kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na aliyekutana naye getini ni kijana mwenyewe. Kijana aliipokea chupa na kumwambia mama amelala. Mama hakuwa amelala.

Hii ndiyo kumbukumbu pekee ninayoiruhusu kwenye hadithi nzima, na ina haki ya kuwepo kwa sababu imeletwa na neno lililoandikwa. Kijana hakukaa akakumbuka. Alikuwa anahariri. Anajaribu kurekebisha: anaondoa "hata mara moja", anaweka "hukuja ukaingia ndani". Anatazama. Hiyo nayo si kweli kwa namna mbaya zaidi, kwa sababu sasa anamlaumu baba kwa mlango alioufunga yeye. Kwa hiyo anaanza kufuta.

Hapa itazame simu yenyewe, maana waandishi wengi hawaitazami. Ujumbe haufutiki wote kwa pamoja mtu asipouchagua wote. Unaliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kinachoondoka kwanza ni "mbao za chini nzima", kisha wodi, kisha injini, kisha umiliki wa mtumbwi, na kinachobaki mwisho kabisa ni salamu. Kijana amekibana kitufe, maneno yanarudi nyuma, na anaachia kidole kabla ya kumaliza. Kwenye kioo kuna "Shikamoo baba." Hakuiandika rasimu hiyo. Ilibaki.

Kwangu mimi hapo ndipo kitovu cha hadithi, na usikiguse sana. Baba alianza na "Hujambo", kama inavyompasa mkubwa. Mtoto akijibu lazima aanze na shikamoo, na akianza bila shikamoo amesema jambo zito kuliko lolote litakalofuata. Kwenye rasimu ya kwanza hakusalimu hata kidogo, na hakuliona hilo. Kwenye ya pili aliiandika kwa mazoea, akiwa mbioni kwenda kwenye shutuma. Sasa imebaki peke yake na inaonekana. Mwandishi asiongeze "aliitazama kwa muda mrefu". Aizime simu tu na arudi kwenye pampu, maana mteja amepiga mara mbili.

Rasimu isiyotumwa haipotei. Simu janja nyingi huihifadhi, na kwenye orodha ya meseji jina la "Mzee Nansio" linaonekana likiwa na rasimu chini yake. Ndiyo maana mdogo wake wa kike anaiona Alhamisi usiku, alipochukua simu kumulika wakati umeme umekatika. Mazungumzo yao nimeyafanya mafupi:

"Kaka, umemjibu baba?"

"Nani kakuambia ameniandikia?"

"Yeye. Wiki iliyopita aliniuliza kama bado unatumia laini ileile."

Kijana hakujua kwamba dada anaongea na baba. Hakujua pia kwamba baba aliulizia namba kabla ya kuandika, yaani ule ujumbe wa herufi 109 ulichukua wiki. Dada asimshauri. Akianza "kaka, mzee ni mzee tu, msamehe", amekuwa mdomo wa mwandishi. Amrudishie simu aulize kama kuna mshumaa.

Baadhi ya watu huweka hapa mhusika wa tatu, mchungaji au mjomba, aje kuwapatanisha. Sioni faida. Siku ya mwisho ni Jumamosi, na hiyo inatosha kusukuma.

Ijumaa usiku inakuja rasimu ya nne, na hii haina historia hata chembe. Anaandika baada ya "Shikamoo baba." iliyobaki: "Usiuze."

Anaisoma na kuona ameamrisha. Mtoto hamwamrishi baba, hata baba wa namna hii. Anabadilisha: "Naomba usiuze." Sasa ameomba, na akiomba amekiri kwamba mwenye uamuzi ni baba, akarudi palepale alipokuwa na "Bei gani?" Anarudisha "Usiuze." Anaiacha dakika chache. Kisha anaongeza neno moja: "Usiuze kwanza." Amri imelegea bila kuwa ombi. Kuna kesho ndani yake, kuna "tuongee", na hakuna aliyepiga magoti. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili atasikia umbali ulioko kati ya sentensi hizo tatu, kwa hiyo ziache zijisimamie, moja chini ya nyingine, bila maelezo. Nimeona hadithi zinazoweka maelezo ya hisia baada ya kila badiliko, na yanakuwa kelele.

Kwa nini hakutuma? Usiseme salio limeisha. Hilo ni jibu la mwandishi aliyekwama, na mwanafunzi wa darasa la saba atakuuliza kwa nini hakukopa. Usiseme pia mtandao ulikata. Kijana hakutuma kwa sababu "kwanza" inadai kitu cha pili. Baba atauliza: hadi lini? Na ili ajibu itabidi aseme ana hela au anakuja. Hela ya mtumbwi iko kwenye injini ya Igombe ambayo haijakamilika. Kwenda Nansio ni kupanda meli bandarini Mwanza na kupoteza siku nzima, na kumkuta baba amesimama. Anaamua akikipata kile kipande cha mpira usiku huo, anatuma asubuhi. Anakipata, kimejikunja kwenye bomba la maji linalopanda juu, na anakitoa kwa waya. Anafunga pampu, anarudisha mguu, anaiwasha ndani ya pipa la maji, na maji yanaruka kwenye kitundu. Ni saa 8 usiku. Analala.

Kupata kipande hakukutatua lolote, na ndivyo inavyotakiwa. Sharti alilojiwekea limetimia, na sasa hana kisingizio.

Jumamosi asubuhi mteja wa Igombe anakuja, wanaifunga injini, wanaijaribu majini, wanabishana bei. Rasimu bado iko kwenye simu. Saa 5. Saa 7. Hapa hadithi inatumia jambo ambalo barua ya karatasi ina shida kulifanya, kwani rasimu inachacha kwa saa. "Usiuze kwanza" ilikuwa sahihi Ijumaa. Jumamosi mchana inaweza kuwa inamwambia mtu asifanye jambo alilokwisha kulifanya. Hakuna neno lililobadilika ndani ya ujumbe, ila wakati umeubatilisha. Jioni anaufungua, anauchagua wote kwa mpigo, na kuufuta pamoja na shikamoo. Safari hii hakuna kilichobaki. Ukilinganisha na ule ufutaji wa Jumatano, msomaji anaiona tofauti kwenye kidole chenyewe, na huna haja ya kuandika kwamba amekata tamaa.

Kuhusu mwisho, yapo matatu ninayoyakataa. La kwanza ni taarifa ya kifo: simu inaita, baba amefariki, na ujumbe haukutumwa. Ziwa hili limeua watu wengi kiasi kwamba mwandishi anajaribiwa kumzamisha mzee ili apate ukurasa wa mwisho. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na kwa familia za hapa hizo ni tarehe za makaburi. Usizitumie kufunga hadithi ya mtumbwi wa kuuzwa. La pili ni kijana kutuma hela kwa simu bila neno. Hilo linafanyika kweli, watu hujibiana kwa miamala, lakini hapa lingemfanya kijana mkarimu kabla hajawa mkweli. La tatu ni kidole kuteleza na ujumbe kwenda wenyewe. Siku nne za uamuzi haziwezi kumalizwa na bahati mbaya.

Nilichokichagua ni meseji ya pili ya baba, Jumapili baada ya saa 3 asubuhi:

"Mteja hakuja."

Ni maneno mawili. Mzee hasemi sasa unautaka, hasemi kwa nini hukujibu. Ukitaka unaweza kuuliza kama mteja wa Ukara alikuwepo tangu mwanzo, na msomaji makini atauliza, kwa sababu baba aliyechukua wiki kuulizia namba anaweza pia kubuni mnunuzi. Hadithi isijibu. Muhimu ni kwamba mlango uliofungwa kwa saa umefunguliwa na yule ambaye kijana alikuwa hamtarajii, na kila rasimu aliyoifuta sasa inaweza kuandikwa tena: ya bei, ya injini, ya salamu tupu, ya "kwanza". Msomaji anazijua zote nne. Baba hajui hata moja.

Ukifika hapo, kata. Jaribio kubwa ni kuongeza aya ya kijana akianza kuandika, kwa sababu mkono wa mwandishi umezoea kumtazama akiandika. Ondoa aya hiyo. Nenda pia nyuma uhesabu ni mara ngapi umeandika "akafuta". Kwa maneno 2,500 mara nne zinatosha, moja kwa kila sababu. Iliyozidi ina maana kuna rasimu mbili zinazofanya kazi moja, na mojawapo lazima itoke. Kwangu iliyotoka ilikuwa rasimu ya kumtaja mjukuu. Ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sauti, lakini ilifutwa kwa aibu, na aibu ilikuwa imeshatumika getini kwenye chupa ya uji.